Kununua au kukodi Hiace mbili za kusambazia bidhaa wakati ukuaji wa kampuni haujulikani

Msambazaji wa Tabata

Wadau, habari za kazi. Nina kampuni ndogo hapa Dar es Salaam inayosambaza karatasi za chooni, sabuni za maji na vifungashio kwa hoteli, migahawa na maduka, kuanzia Tabata hadi Masaki na Mbezi. Hadi sasa tumekuwa tukikodi Kirikuu na Hiace za watu kwa siku, na wateja wameanza kulalamika kwamba mzigo unafika kwa saa zisizotabirika. Mauzo yamepanda tangu mwaka jana, lakini karibu nusu ya ongezeko hilo inatokana na kundi moja la hoteli ambalo mkataba wake unakwisha baada ya miezi tisa, nami siwezi kuapa kwamba utahuishwa.

Nimepata njia mbili za kuwa na Hiace mbili za mizigo. Ya kwanza ni kununua zilizotumika kutoka yadi kwa shilingi milioni 36 kila moja. Benki inataka kianzio cha asilimia 30, kisha inakopesha kiasi kinachobaki kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Ya pili ni kukodi kwa miezi 36 kutoka kampuni inayokodisha magari, kwa shilingi 1,650,000 kwa mwezi kwa kila gari, ambapo wao wanabeba bima kubwa, sevisi, tairi na matengenezo, na gari ni la umri uleule kama la yadi. Dereva na mafuta ni juu yangu katika njia zote mbili.

Mimi ninaelekea kukodi, kwa sababu hoteli zikiondoka nitarudisha magari na kubaki salama. Naomba mnisahihishe kama kuna jambo silioni.

Kijana wa Mkataba

Ndugu, usijisumbue na benki. Mimi nina bajaji tatu na zote nimewapa vijana kwa mkataba: kila siku ananiletea hesabu yangu, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Nunua hizo Hiace, wape madereva wenye familia kwa mkataba wa aina hiyo, na gharama zote za tairi na sevisi zitakuwa juu yao.

Mama Vifungashio

Kaka, nadhani hujasoma swali vizuri. Mwenzetu hatafuti chombo cha kumletea hesabu ya jioni, anatafuta gari la kupeleka mzigo wake kwa wateja wake kwa saa waliyokubaliana. Dereva mwenye mkataba ana deni la kila siku, kwa hiyo akiona abiria au mzigo wa mtu mwingine njiani atauchukua, na sabuni za hoteli zitasubiri. Kwa bajaji utaratibu huo unafaa, lakini kwa usambazaji utarudisha malalamiko yaleyale anayoyakimbia.

Mhitimu wa Uhasibu

Mimi ninaunga mkono kukodi, na sababu yangu ni ya kikodi. Malipo yote ya ukodi yanaingia kwenye matumizi ya kampuni na kupunguza faida inayotozwa kodi ya asilimia 30, wakati bei ya kununua gari huwezi kuiondoa kwenye faida kwa sababu ni mtaji. Kwa hiyo hata kama kukodi kunaonekana ghali, serikali inakulipia sehemu.

Hesabu Kavu

Mhitimu, nusu ya kwanza ya maelezo yako ni sahihi, lakini nusu ya pili inaweza kumpotosha mwenye uzi. Bei ya gari haiondolewi kwa mkupuo, hilo ni kweli, ila Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu posho ya uchakavu, na magari ya mizigo yenye uwezo wa chini ya tani 7 yamo katika daraja la kwanza, ambalo hupewa asilimia 37.5 ya thamani iliyosalia kila mwaka. Kwa gari la milioni 36 lililofanya kazi mwaka mzima, hiyo ni milioni 13.5 katika mwaka wa kwanza peke yake, na juu yake unaondoa riba ya benki, bima na sevisi. Kwa hiyo mnunuzi naye anapata nafuu ya kodi, tena kubwa zaidi mwanzoni. Kama kampuni haina faida mwaka huo, wote wawili hawapati kitu hadi hasara hiyo itakapofidiwa na faida ya miaka inayofuata.

Nina maswali matatu kwako, Msambazaji. Je, hiyo 1,650,000 imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani? Je, kampuni yako imesajiliwa kwa kodi hiyo? Na la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: mkataba wa ukodi unasema nini kuhusu kurudisha gari kabla ya miezi 36? Umeandika kwamba hoteli zikiondoka utarudisha magari, lakini hukutuambia kama mkataba unakuruhusu, wala kwa gharama gani.

Msambazaji wa Tabata

Asante, Mkuu. Nimerudi kwenye rasimu ya mkataba na kuisoma upya. Bei hiyo ni kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Hatujasajiliwa, kwa sababu mauzo yetu ya mwaka bado hayajafika milioni 200. Kuhusu kuvunja mkataba, kipengele kinasema kwamba mkodishwaji akirudisha gari mapema atalipa nusu ya malipo ya miezi yote iliyosalia. Nilikuwa nimekisoma nikadhani ni maneno ya kawaida ya wanasheria.

Hesabu Kavu

Basi tufanye hesabu ya gari moja. Kwanza bei: ukiongeza asilimia 18, malipo yako ya kweli ni 1,947,000 kwa mwezi. Kampuni iliyosajiliwa ingeweza kudai kodi hiyo irudi, kwa sababu Hiace ya mizigo si gari la abiria, lakini kwako wewe ni gharama kamili.

Sasa tuchukulie kwamba hoteli zimeondoka na unataka kuachana na gari baada ya miezi 12. Upande wa kukodi, utakuwa umelipa takriban milioni 23.4 kwa mwaka mzima. Miezi 24 iliyosalia kwa 1,650,000 ni milioni 39.6, na nusu yake ni milioni 19.8. Jumla ni milioni 43 na ushee kwa gari ulilolitumia mwaka mmoja, na mkononi huna gari.

Upande wa kununua, umekopa milioni 25.2. Kama riba inakokotolewa kwenye salio, marejesho ni kama 911,000 kwa mwezi, na katika mwaka wa kwanza riba peke yake ni karibu milioni 4. Bima kubwa, sevisi, tairi na akiba ya matengenezo niziweke 450,000 kwa mwezi, yaani milioni 5.4. Tuseme unaliuza gari kwa milioni 29, umepoteza milioni 7 katika thamani. Unamaliza deni la benki lililobaki, kama milioni 18.2, na ikiwa wanatoza asilimia 3 kwa kulipa mapema, hiyo ni nusu milioni nyingine. Gharama yako ya kweli kwa mwaka ni milioni 17 hivi. Hata ukiuza kwa shida, kwa milioni 24, umefika milioni 22, ambayo ni karibu nusu ya kile ambacho ungelipa kwa kurudisha gari la kukodi.

Kwa hiyo wasiwasi wako kuhusu ukuaji ni wa haki, ila umeelekea upande usio wake. Mkataba wa miezi 36 wenye adhabu ya aina hiyo unakufunga zaidi kuliko gari ambalo soko la Dar es Salaam litalinunua ndani ya wiki chache. Usalama wa kukodi haumo katika jina lake, umo katika kipengele cha kuvunja mkataba.

Fundi wa Gerezani

Nakubaliana na Hesabu Kavu, isipokuwa kwenye ile milioni 29. Bei hiyo unaipata kama gari lina kumbukumbu za sevisi, injini haijafunguliwa na bodi haijaliwa na kutu. Hiace ya mizigo inayobebeshwa sabuni za maji kila siku, juu ya barabara za ndani za Kimara na Goba, inakula springi za nyuma na bushi za mbele mapema sana. Mnunuzi akiingia chini ya gari anaona hayo yote. Ukizidisha uzito kwa kuwa nafasi ipo, utalilipia kosa hilo siku ya kuuza.

Kabla ya kulipa yadi, liwashe gari asubuhi likiwa baridi kabisa, kwa sababu yadi hupenda kulipasha kabla mteja hajafika. Liendeshe kwenye mlima ukiwa na mzigo, kisha fungua kifuniko cha oili na uangalie kama kuna moshi unaosukuma kutoka ndani. Moshi mwingi hapo una maana kwamba pistoni na ringi zimechoka, na hiyo si kazi ya laki mbili. Akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza aliyoiweka Hesabu Kavu inatosha kwa gari zima, lakini kwa gari lililopambwa rangi ili liuzwe haitoshi hata kidogo.

Mkopeshaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya mikopo ya magari kwa miaka mingi na ningependa kuongeza jambo moja kuhusu ile riba ya asilimia 18. Muulize afisa wa benki, tena kwa maandishi, kama riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa awali kwa miaka yote mitatu. Afisa mwenye haraka atakuambia tu kwamba ni asilimia 18. Kwa mkopo wako wa milioni 25.2, njia ya kwanza inakupa marejesho ya kama 911,000, na ya pili inakupa 1,078,000. Katika miezi 36 tofauti ni milioni 6. Asilimia 18 ya aina ya pili ni sawa na zaidi ya asilimia 30 ya aina ya kwanza.

Njia rahisi ya kujua ni kuomba jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Kama safu ya riba inashuka kila mwezi, uko kwenye salio. Kama riba ni ileile kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, umejua uliko. Omba pia uandikiwe gharama ya kulipa mkopo mapema, kwa maana hesabu yote ya kutoka ambayo Hesabu Kavu ameifanya imesimama hapo. Na kumbuka kwamba kadi ya gari itakaa benki, kwa hiyo siku ya kuuza utahitaji mnunuzi mwenye subira ya kusubiri benki iachie kadi. Wengi hupunguza bei kwa sababu ya usumbufu huo.

Mama Vifungashio

Jamani, mbona wote mnaongea kana kwamba kianzio kinatoka mbinguni? Kwa magari mawili ni milioni 21.6, na kwa kampuni ya ukubwa wake hiyo ndiyo pesa ya kununulia bidhaa. Mimi niko kwenye vifungashio pia. Mzigo wangu unazunguka karibu mara moja kwa mwezi, na kila mzunguko unaniachia faida kubwa kuliko riba ya benki yoyote. Nikichomoa milioni 20 stoo na kuziweka kwenye magari, rafu zitakuwa tupu, na mteja akikosa karatasi za chooni mara mbili hatarudi. Mkataba wa kukodi unaweza kuwa ghali kwenye karatasi na bado ukamwachia mtaji wake.

Halafu kuna suala la gari kuharibika. Gari lake likifa Ijumaa, nani atapeleka mzigo wa hoteli Jumamosi? Kampuni ya kukodisha italeta gari jingine.

Hesabu Kavu

Dada, hoja ya mtaji ni nzito, na hesabu yangu ya milioni 17 haikuweka gharama yoyote kwa ile milioni 10.8 ya kianzio. Lakini kuna kipimo kimoja. Mtaji wa bidhaa unazaa kama kuna mteja wa kununua bidhaa ya ziada. Kama stoo yake leo inatosheleza oda zote, milioni za ziada zitalala kwenye rafu. Yeye tu ndiye anayejua kama amewahi kukataa oda kwa kukosa mzigo.

Kuhusu gari la kubadilishia, aangalie mkataba umeandika nini hasa. Maneno kwamba gari litaletwa inapowezekana si sawa na ahadi kwamba litaletwa ndani ya saa 24 na, lisipoletwa, siku hizo hazilipiwi.

Ila naona sote tumekubali bila kuhoji kwamba anahitaji magari mawili. Msambazaji, ukitazama miezi mitatu iliyopita, ni siku ngapi kwa wiki ambazo kweli ulikuwa na magari mawili barabarani kwa wakati mmoja?

Msambazaji wa Tabata

Nimekaa na karani tukapitia daftari la safari. Gari moja linatoka kila siku ya kazi bila kukosa, na hata bila zile hoteli lingekuwa na kazi ya kutosha. La pili tunalihitaji kama siku mbili kwa wiki, hasa Alhamisi na Ijumaa, na mwisho wa mwezi huongezeka kidogo. Kwa siku tunalipa 120,000 pamoja na dereva na mafuta. Kuhusu oda, ndiyo, mwezi wa Desemba nilikataa mbili kwa kukosa mzigo, lakini miezi mingine haijatokea.

Hesabu Kavu

Hapo ndipo swali lako linapogawanyika. Gari la kwanza lina kazi ya uhakika hata hoteli zikiondoka, kwa hiyo halihusiani na shaka ya ukuaji. Hilo linafaa kununuliwa, na kianzio ni milioni 10.8 badala ya 21.6, jambo ambalo linajibu sehemu ya hoja ya Mama Vifungashio.

Gari la pili ndilo lenye shaka. Siku tisa kwa mwezi kwa 120,000 ni 1,080,000, na humo dereva na mafuta vimo. Ukilinunua na kukaa nalo miaka mitatu, kushuka kwa thamani na riba kwa wastani vitakuwa vidogo kuliko vya mwaka wa kwanza, lakini ukijumlisha na bima, matengenezo na mshahara wa dereva vitakaribia 1,400,000 kwa mwezi hata kama limeegeshwa. Mafuta ya siku moja niyakadirie 35,000, kwa hiyo kila siku unayoacha kukodi inakuokolea 85,000. Ukigawanya, gari la pili linajilipa pale tu linapofanya kazi zaidi ya siku 16 au 17 kwa mwezi, yaani siku nne kwa wiki. Wewe uko kwenye mbili. Likifika siku nne kwa miezi kadhaa mfululizo, na mkataba wa hoteli ukiwa umehuishwa, fungua mazungumzo ya gari la pili.

Mhitimu wa Uhasibu

Nimekubali kuhusu uchakavu, nashukuru kwa kunisahihisha. Swali langu: vipi kuhusu karadha, ambapo unakodi lakini mwisho wa mkataba gari linakuwa lako? Si ingempa faida za pande zote mbili?

Mkopeshaji Mstaafu

Karadha ni mkopo uliovaa nguo nyingine, kijana wangu. Kwa kodi ya mapato wewe ndiye unayehesabiwa kama mmiliki, unaondoa uchakavu na riba, na matengenezo ni yako. Faida yake ni kwamba kianzio mara nyingi ni kidogo na dhamana ni gari lenyewe. Hasara yake ni kwamba, ukikwama katikati, gari linachukuliwa na ulicholipa kimekwenda, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa gari lake la kwanza anaweza kuomba bei ya karadha na kuilinganisha na ya benki. Kwa la pili haina maana.

Mama Vifungashio

Mimi bado sijaridhika na kukodi kwa siku. Malalamiko ya wateja yalitokana na magari hayohayo ya siku, na Alhamisi na Ijumaa ndizo siku ambazo kila mtu mjini anayataka. Hesabu inaweza kuwa sahihi na mzigo ukachelewa vilevile.

Fundi wa Gerezani

Afunge makubaliano na mwenye gari mmoja, siku mbili zilezile kila wiki, alipwe hata wiki ambayo mzigo ni mdogo. Wenye magari wanapenda kazi ya uhakika, na wengi watashuka hadi 110,000. Tatizo la kukodi kwa siku ni kumpigia mtu simu asubuhi ileile.

Msambazaji wa Tabata

Ninawashukuru wote. Nimerudi kwa kampuni ya kukodisha na kuwaomba waondoe adhabu ya kuvunja mkataba. Wamekubali kuweka notisi ya siku 60 bila adhabu, lakini bei imepanda hadi 1,850,000 kabla ya kodi. Nimepata pia mtu binafsi anayekodisha Hiace kwa mwezi, bila dereva, kwa 2,300,000, na yeye hatozi kodi ya ongezeko la thamani. Gari la kwanza nitanunua, nasubiri jedwali la marejesho kutoka benki. Je, ofa hii mpya inabadilisha chochote kwa gari la pili?

Hesabu Kavu

Sasa umeuona uhuru wa kuondoka ukiuzwa kwa bei yake: laki mbili kwa mwezi, kabla ya kodi. Pamoja na kodi utalipa 2,183,000, ambayo inakaribia ile ya mtu binafsi, na yeye unaweza kumwacha mwisho wa mwezi wowote. Kwa siku tisa za kazi, zote mbili ni zaidi ya mara mbili ya 1,080,000 unayolipa sasa, na bado hujamlipa dereva wala hujaweka mafuta. Ofa ya notisi ya siku 60 ingekuwa na maana kama ungepata kazi ya kila siku ya miezi sita au minane yenye mwisho unaojulikana. Iweke faili, uwaulize bei hiyo itadumu hadi lini, na usisaini kwa sasa.

Suala la Mama Vifungashio kuhusu Alhamisi na Ijumaa sina jibu lake kwenye karatasi. Jaribu pendekezo la Fundi kwa mwezi mmoja, na uandike saa ambayo kila mzigo umefika.

Mama Vifungashio

Mwezi huo usiwe Desemba.